Vitunguu vya Ruaha Mbuyuni

Tangu Mbezi hadi Mikumi hawakusemezana. Basi lilipopunguza mwendo kwenye matuta ya hifadhini, binti akaona haifai kumnyamazia mzee wa umri ule aliyeketi kando yake.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Wafika wapi?"

"Tukuyu. Arobaini ya bibi yangu."

"Pole sana. Alikulea?"

Swali lile hakuna aliyemuuliza tangu msiba. Koo likamkaba. "Alinilea. Mazishi sikuwahi. Nauli ilipopatikana, walikuwa wameshamzika."

Mzee hakumwambia asilie. Alisogeza mkongojo wake, akasema polepole, "Mimi mama yangu alizikwa nikiwa safarini. Nilifika kaburini, nikamsalimia kama nilivyozoea. Nawe kamsalimie."

Ruaha Mbuyuni wachuuzi walizingira madirisha. Mzee akanunua mifuko miwili ya vitunguu, mmoja akamwekea binti miguuni.

"Baba, huu ni mzigo wako."

"Msibani huendi mikono mitupu. Alipenda kupika nini?"

Binti akafuta macho. Basi likaanza kupanda Kitonga, likiguna kona baada ya kona, naye akisimulia ndizi za bibi: zilivyomenywa, zilivyofunikwa kwa majani, na nani alipewa ukoko.