Ndoo tisa

Ijumaa saa mbili usiku, ukurasa wa makala bado mweupe, ndo ikaingia imeili ya dogo mmoja anayetuandikia toka Mwanza. Nikafungua nimechoka, ila aya ya kwanza tu nikakaa sawa. Mama yuko mwaloni Igombe, kaanika dagaa mchangani, anaangalia wingu linavyotoka upande wa ziwa na hasemi kitu, anavua kanga anafunika alichoweza. Mimi nimekulia kulekule, harufu ikanijia hapa hapa ofisini.

Halafu namba zikaanza. Wanawake 412,860 wa mkoa wanaanika dagaa, asilimia 73.4 wamepata hasara, kila mmoja gunia 365 kwa mwaka. "Kwa mujibu wa utafiti." Utafiti wa nani? Kimya. Sensa ya 2022 Mwanza ilikuwa na watu kama milioni 3.7, wanawake ni nusu na kidogo, kwa hiyo kwa hesabu yake kwenye kila wanawake watano mmoja anaanika dagaa, na vichanga humo humo. Ila iliyoniuma ni ile 365. Dagaa wanavuliwa kwenye giza, kwa taa, mbalamwezi ikishakuwa kali mitumbwi inalala, mtoto wa mwaloni hata umwamshe usingizini atakwambia.

Nikampigia.

"Shikamoo dada."

"Marahaba. Hii 73.4 umeitoa wapi?"

Kimya kirefu, nasikia bodaboda inapita kwake.

"Nimekadiria."

"Na hiyo nukta nne nayo umeikadiria?"

Akacheka kidogo akaacha. "Dada, ile ya kwanza si uliirudisha, ukasema nzuri ila haina data."

Nikafungua imeili ya mwezi uliopita. Kweli, maneno yangu kabisa, "nzuri ila haina data, weka namba", sijamuuliza namba gani wala atazipata wapi na mtu nauli anajilipia mwenyewe. Nikajikuta sina la kumjibu kwa haraka.

"Huyo mama yupo lakini?"

"Yupo dada, wallahi. Ni mama mdogo wangu."

Sasa hilo nalo alikuwa kalificha! Nikamwambia leo haitoki, nikaweka makala ya akiba, ya mambo ya bustani, mbovu ila ya kweli. Na yeye nikamtumia nauli toka mfukoni kwangu, arudi mwaloni, asihesabu mkoa mzima, amhesabie mama mmoja tu. Na aandike kabisa kwamba ni mama yake mdogo.

Jumatatu asubuhi ikaingia meseji, hata salamu hakuna:

"Jana kaanika ndoo 14. Mvua imekula 9. Nilikuwepo, nimezihesabu mara mbili, mara ya pili yeye ndo kanisaidia. Anauliza hizo namba unazitakia nini."