Mwaliko wa chumba chetu cha mizigo kwa Teams, na tafadhali Gmail yako ya nyumbani iache nje

Mzee Mutua, dada Akinyi, Brayo, Mama Zawadi, habari zenu. Hii nimeituma kwa imeili na pia nimeibandika kwa grupu, juu kuna wengine hapa, sitaji mtu, imeili ya kazi wanaifungua mwisho wa mwezi wakitafuta risiti.

Kuanzia Jumatatu ratiba ya malori kutoka depo ya kontena ya Embakasi hadi stoo yetu ya Enterprise Road haitumwi tena kwa WhatsApp. Tumefungua chumba cha kazi kwa Microsoft Teams, kinaitwa Mizigo Embakasi, na nyinyi wanne mnaingia kama wageni. Huko ndani mtapata ratiba ya siku, foda ya picha za delivari zikiwa na sahihi, orodha ya bei tulizokubaliana, na ile spredishiti ya masaa ya kusubiri ambayo kila mwezi tunagombania, mimi nasema lori lilikaa masaa mawili, Mzee anasema matano, sasa kila mtu ataandika palepale na saa itaonekana.

Mwaliko wenyewe unakuja kama imeili kutoka invites@microsoft.com, na utaona jina langu na la kampuni yetu hapo juu. Usipouona angalia spamu kabla hujanipigia. Ndani kuna kitufe kimeandikwa Accept invitation, ukibonyeza inakupeleka kuingia, halafu inakuja ukurasa wa ruhusa, unabonyeza Accept, basi. Nikijaribu na imeili ya shemeji yangu ilichukua kama dakika nne hivi na yeye si mtu wa kompyuta.

Sasa hapa ndio nataka msome polepole. Mwaliko huu haufunguki na imeili ya kibinafsi, iwe Gmail, Yahoo, Hotmail, Outlook, ile uliyofungua ukiwa kidato cha pili yenye jina la mchezaji wa mpira, hakuna. Unafunguka tu na ile anwani nilikotuma, na anwani hiyo lazima iishie na jina la kampuni yenu. Watu wetu wa aiti wameweka orodha ya domeni zinazoruhusiwa, kama domeni yako haiko hapo mimi hata nikijaribu kukualika mfumo unakataa kutuma, na gmail.com haitawekwa hapo hata nikilia.

Si kiburi. Mnajua vile ukienda jengo lolote kule Upper Hill askari wa geti anataka kitambulisho ndio akuandike kwa kitabu, huwezi mpatia kadi ya chama ukasema si jina ni lile lile. Hapa kitambulisho ni imeili ya kazi, inasema wewe ni nani na pia uko na nani, na hiyo ya pili ndio sisi tunataka.

Tena tulishaumwa. Kwa grupu yetu ya zamani ya kushea mafaili tulikuwa tumeingiza watu na Gmail zao, kijana mmoja wa ratiba akaacha kazi kwa mshirika wetu akaenda kwa mtu anayeshindana naye, na hakuna aliyekumbuka kumtoa. Miezi mitatu anaona bei zetu zote kila asubuhi akinywa chai, na wala hakuiba kitu, mlango tuliuacha wazi sisi wenyewe. Kwa imeili ya kazi, siku mtu anaondoka kampuni yake inafunga sanduku lake na hapo hata kodi ya kuingia, zile namba za siri zinazotumwa kwa imeili, haiwezi kumfikia, ingawa bado mniambie nifute jina lake kabisa. Halafu mle ndani kuna namba za vitambulisho na simu za madereva, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 haichezi, data ikivuja na kuna hatari ya kweli kwa mwenye data tuko na masaa 72 ya kumjulisha Kamishna tangu tujue. Sitaki kuandika hiyo barua.

Haya, mmoja mmoja.

Brayo, wewe ulishajaribu jana usiku ukanitumia skrinshoti na alama saba za kuuliza. Nimeiona. Ilikuwa na hii:

```
AADSTS50020
identity provider 'live.com'
```

Hiyo live.com ndio inakuchongea. Maanake Microsoft iliona akaunti ya kibinafsi, si ya kazi. Ukaniambia ulitumia laptopu ya nyumbani, ile kijana wako anachezea gemu, sasa brauza ilikuwa bado imeingia na akaunti yake, ukabonyeza linki ikadhani wewe ndiye yeye, ikaja kugonga mlango wetu na jina la mtoto wa darasa la saba. Mwaliko haujaharibika. Bonyeza Ctrl+Shift+N kwa Chrome ufungue dirisha la siri, nakili linki ya kile kitufe cha mwaliko uibandike huko, uandike imeili yako ya kazi. Ikikuuliza uchague aina ya akaunti chagua Work or school account, usiguse Personal account. Na ile mbinu yako ya kuforwadi mwaliko kwa Gmail ili ubonyeze kutoka kwa simu haisaidii, linki utaiona lakini kuingia bado itataka ile anwani niliyoalika.

Dada Akinyi, uliniuliza kama wewe utakataliwa kwa sababu imeili yenu ya ofisi inafunguka kwa Gmail. Hapana, wewe uko sawa. Sura ya Gmail si shida, kampuni nyingi hapa Nairobi imeili zao ziko kwa Google na zinaishia na jina la kampuni, cha maana ni kilicho baada ya alama ya @. Kwa vile nyinyi hamko kwa Microsoft, haitakuomba paswadi, itakutumia kodi kwa hiyo hiyo imeili yako ya kazi, unainakili unaiweka. Kodi inakaa dakika 30 inakufa, kwa hivyo usiiombe halafu uende lanchi. Na kila baada ya masaa 24 itakuomba nyingine mpya, ndio, kila siku, hata mimi inanikera lakini utazoea. Na tafadhali hiyo kodi ni kama pini ya M-Pesa, mtu akikupigia ati anatoka kwetu anaomba umsomee, hata akiwa na sauti yangu, kata simu.

Pia Akinyi, usitumie ile imeili ya info mnayotumia watu watano. Najua ndio mnayoifungua sana. Lakini mkiingia watano kwa jina moja, siku delivari imeandikwa vibaya nitamuuliza nani? Nipatie majina mawili, wewe na yule anayekaa zamu ya usiku, na kila mmoja na anwani yake.

Mzee Mutua, kwako kosa ni langu, nisamehe. Nilikosea herufi moja kwa jina lako nikatuma mwaliko mahali hapako, ndio maana umekaa siku mbili ukingoja. Nimeufuta na nimetuma mpya leo asubuhi saa mbili na nusu. Ukiingia mara ya kwanza itakuomba uongeze simu kwa usalama, ile programu ya Microsoft Authenticator, kama ni ngumu mwambie kijana wa hapo ofisini akushikie simu dakika mbili lakini iwe simu yako, si yake. Nimeona hiyo movi, kijana anaweka kwa simu yake, anaenda likizo Kakamega, mzee anabaki nje.

Mama Zawadi, wewe ndio nimekuwa nikikufikiria. Uko na malori mawili, imeili yako ni Gmail tangu uanze biashara na haijawahi kukuangusha, na sasa mimi nakuja na masharti. Sikufungii. Mpaka mwisho wa mwezi ujao nitakuwa nakutumia ratiba yako peke yake kwa PDF kila siku saa kumi na mbili jioni, bila bei za wengine, na masaa yako ya kusubiri nitayaandika mimi nikikutumia uhakikishe. Ndani ya huo muda nunua domeni ya .co.ke kwa wale mawakala walio na kibali cha KeNIC, wengi wanakuuzia pamoja na imeili, huhitaji tovuti wala nini, sanduku moja la jina lako linatosha. Si lazima iwe ya Microsoft, kodi itakuja hapo kama kwa Akinyi. Ukishaipata nitumie jina la domeni kwanza kabla hatujajaribu kitu, aiti waiongeze kwa orodha, huwa wanachukua siku moja, halafu ndio nikualike. Na usikubali mtu akuazime imeili ya kampuni yake uingie nayo, nasikia kuna mtu ameshakupendekezea. Lori likipata ajali na rekodi inasema ni la mtu mwingine, bima watakuzungusha mpaka uchoke.

Mkishaingia msishtuke mkiona chumba ni kitupu ama ni cha kampuni yenu. Kwa kona ya juu kulia kuna picha yako, bonyeza hapo uchague jina la kampuni yetu, ndio uone Mizigo Embakasi. Kwa Brayo na Mzee, ambao kampuni zenu ziko na Teams yao, hii ndio itawasumbua kuliko hata mwaliko, mtakuwa mnaandika ujumbe upande wa kwenu mkidhani nimeusoma.

Brayo, Akinyi na Mzee, naomba wote watatu muwe mmeingia kufikia Ijumaa saa kumi na moja jioni. Wikendi sitajibu, nina harusi Machakos. Jumatatu lori la kwanza linatoka Embakasi saa kumi na moja alfajiri na namba ya kontena itakuwa kwa chumba peke yake, kwa grupu sitaweka.

Ikikataa, usinitumie tu "imekataa". Nitumie skrinshoti ya ukurasa mzima, ile kodi ya AADSTS ionekane pamoja na saa, na uniambie ulikuwa unatumia imeili gani na kifaa gani. Niko mezani kutoka saa mbili, saa saba hadi saa nane sipo.

Brayo jaribu sasa hivi nikiwa bado hapa, na usitumie hiyo laptopu ya gemu.

Wambui, ratiba