Kuomba Likizo ya Matibabu

Malindi,
14 Aprili 2026

Mzee Athumani,

Shikamoo.

KUH: LIKIZO YA SIKU 90 KWA MATIBABU YA URAIBU WA POMBE

Naomba ruhusa ya kwenda kulazwa rihabu Mombasa kuanzia Jumatatu tarehe 4 Mei. Nikijaaliwa nitatoka Jumamosi tarehe 1 Agosti na kurudi kazini Jumatatu tarehe 3.

Mzee, nakuandikia kwa sababu mdomoni maneno haya yamenishinda mara mbili. Yule mama mgeni aliyechubuka muundi Februari tulipokuwa Hifadhi ya Bahari, nilikwambia ni wimbi. Halikuwa wimbi. Nilimshika mkono apande ngazi, vidole vyangu vikatetemeka, akaniponyoka. Nilikuwa nimekunywa mnazi tangu alfajiri ili huo mtetemeko utulie, na haukutulia. Chupa nilikuwa nikiificha chini ya maboya. Naomba unisamehe kwa lile jambo na kwa ule uongo, maana wewe ndiye uliyemwomba radhi yule mgeni kwa kosa langu.

Nilijaribu kuacha mwenyewe mwezi Machi, zile siku mbili nilizosema nina malaria. Siku ya pili usiku nilianguka kifafa mbele ya mama. Daktari alinieleza kwamba mwili uliozoea pombe kila siku ukikatiwa ghafla unaweza hata kufa, kwa hiyo niache nikiwa chini ya uangalizi, kwa dawa, kisha nibaki kituoni kwa ushauri. Barua yake nimeiambatanisha.

Kuhusu siku: nina siku 21 za likizo ya mwaka ambazo sijazigusa. Za ugonjwa, sheria ya kazi inanipa 7 kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu. Zilizobaki naomba ziwe bila malipo. Gharama za kituo familia imechanga, sikuombi pesa. Ninachokuomba ni nafasi yangu inisubiri. Kitakachotokea ndicho, lakini nikijua kuna mashua ya kurudia nitalala.

Nimechagua Mei kwa sababu kusi litakuwa limeshika, wageni ni wachache na mashua zinapandishwa pwani. Kalafati ya ile kubwa nitaimaliza kabla sijaondoka. Kazungu anajua injini zote mbili, anaweza kushika zamu yangu.

Wenzangu ukiwaambia nimekwenda kutibiwa inatosha. Malindi ni ndogo, na mama anauza sokoni. Mshahara wangu wa Mei naomba umkabidhi yeye.

Tangu leo sishiki usukani wala sipandishi mgeni ngazini hadi nirudi. Nipe kazi za ufukweni. Funguo za stoo nimezifunga pamoja na barua hii.

Kijana wako,
Charo