Barua ya madai ya mishahara na kufukuzwa kazi

Mbagala Rangi Tatu,
Dar es Salaam.
12 Machi 2025

Afisa Kazi Mfawidhi,
Ofisi ya Kazi,
Dar es Salaam.

Ndugu Afisa Kazi,

YAH: KUDAI MISHAHARA YA MIEZI KUMI NA KULALAMIKIA KUFUKUZWA KAZI BILA HAKI

Kichwa cha habari hapo juu chahusika.

Mimi ni Neema Elia, mwenye umri wa miaka 24, mwenyeji wa wilaya ya Iramba, mkoa wa Singida. Kuanzia tarehe 1 Februari 2022 hadi tarehe 28 Februari 2025 nilikuwa mfanyakazi wa nyumbani katika nyumba moja huko Tabata, nikiishi humo humo. Jina la mwajiri, mahali ilipo nyumba na namba zetu za simu nimeviandika kwenye karatasi ya peke yake niliyoiambatanisha. Nakala ya barua hii naipeleka pia chama cha wafanyakazi cha CHODAWU, na sipendi jina la mtu lizunguke kabla hajaitwa kujieleza. Mimi langu limezungushwa, najua linavyouma.

Shangazi yake mwajiri ndiye aliyekuja kunichukua kwa mama yangu. Tulipatana kwa mdomo, mama akiwepo, mshahara wa shilingi 80,000 kwa mwezi, chakula na malazi juu yao. Januari 2024 mwajiri mwenyewe aliniongeza ikawa 100,000. Mkataba wa maandishi sikupewa na NSSF sikuandikishwa. Nimeelezwa na CHODAWU kuwa chini ya Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 maelezo ya ajira kwa maandishi ni wajibu wa mwajiri, na kwamba asipokuwa nayo, ni yeye wa kuthibitisha kuwa hatukupatana hivyo.

Kazi yangu ilikuwa kupika, kufua, kusafisha nyumba na kuwaandaa watoto wawili waliokuwa wanafuatwa na gari la shule kabla hapajapambazuka vizuri. Katikati ya mwaka 2023 aliletwa mama mzazi wa mwajiri, aliyekuwa amepata kiharusi upande wa kulia. Tangu hapo nililala chumbani kwake. Nilimwogesha, nikamlisha uji kwa kijiko, na usiku nikawa naamka kumgeuza ili asipate vidonda vya mgongo. Hakupata kidonda hata kimoja mpaka naondoka. Nayaandika haya kwa sababu mbele ya mwenyekiti wa mtaa ilisemwa kwamba nilikuwa "msichana wa kusaidia tu kazi ndogondogo". Siku ya mapumziko sikuwa nayo, kwani bibi haachwi peke yake.

Kuhusu mishahara: hadi Aprili 2024 nililipwa, wakati mwingine kwa kuchelewa lakini nililipwa. Kuanzia Mei mwajiri aliniambia kuwa pesa zangu atanitunzia, nikienda likizo nizipate kwa mkupuo nimjengee mama. Nilikubali. Wenzangu wengi wa majumbani wanawekewa hivyo, na mtu ambaye amekulipa miaka miwili huna sababu ya kumshuku. Agosti mama alipolazwa, mwajiri alimtumia shilingi 50,000 kwa M-Pesa. Krismasi alinipa 30,000 mkononi. Hizo nimezitoa kwenye hesabu yangu. Kwenye simu yangu upo ujumbe wake wa tarehe 6 Oktoba 2024 unaosema: "Neema hela zako zipo usiwe na wasiwasi nimekuwekea zote." Ujumbe huo sijaufuta na niko tayari kuja na simu yenyewe.

Januari mwaka huu mdogo wangu alianza kidato cha kwanza, akahitaji sare, godoro na madaftari. Niliomba hata nusu ya pesa zangu, nikaambiwa ningoje mwisho wa mwezi. Mwisho wa mwezi ukapita. Jioni ya tarehe 27 Februari nilimwambia mwajiri kwa adabu kwamba nahitaji kujua pesa zangu nitazipata lini. Hakunijibu.

Kesho yake, baada ya chakula cha usiku, niliitwa sebuleni nikaambiwa hereni za dhahabu za mke wake hazionekani. Begi langu lilimwagwa sakafuni mbele ya watoto na mlinzi, mpaka nguo zangu za ndani zikakung'utwa moja moja. Hereni hazikuonekana. Nikaomba twende polisi, wakakataa. Mwajiri akasema mshahara wote aliokuwa amenitunzia umefidia hereni, na nisilale tena kwake. Nilitolewa getini saa nne usiku, sina hata nauli. Mlinzi ndiye aliyenipa shilingi 2,000, nikafika kwa mama yangu mdogo hapa Mbagala.

Siku iliyofuata majirani watatu walikuwa wameshaambiwa kuwa mimi ni mwizi. Sikuiba. Tangu hapo sijafunguliwa kesi wala kuitwa kituo chochote. Nyumba mbili nilizoenda kuomba kazi Tabata wamenijibu kuwa wamesikia habari zangu.

Tarehe 5 Machi mwenyekiti wa serikali ya mtaa alituita wote wawili. Mwajiri alikiri mbele yake kuwa mshahara hajanilipa tangu Mei, akasema lakini amenisamehe kesi. Alitoa shilingi 100,000 aliyoiita nauli, pamoja na karatasi ya kusaini kuwa sina ninachomdai. Nilikataa kusaini na pesa sikupokea. Mwenyekiti ameniandikia barua ya utambulisho, nayo nimeiambatanisha.

Ninachodai ni hiki. Mishahara ya Mei 2024 hadi Februari 2025 ni shilingi 1,000,000; nikitoa 80,000 niliyokwishapata, inabaki 920,000. Hii ni jasho langu na haina uhusiano wowote na hereni. Nimeelezwa kuwa hata mfanyakazi akiharibu mali kweli, sheria haimruhusu mwajiri kujikatia mshahara wote kwa kauli yake. Lazima ampe tuhuma kwa maandishi, amsikilize, na makato yasizidi robo. Pili, malipo ya notisi ya siku 28, ambayo sikupewa hata saa moja. Tatu, malipo ya likizo: kwa miaka yote mitatu niliondoka wiki moja tu, kumzika baba mwaka 2023, na wiki hiyo nilikatwa mshahara. Nne, kiinua mgongo cha siku saba kwa kila mwaka niliomaliza. Tano, nauli na gharama za mizigo hadi Iramba, kwa kuwa huko ndiko nilikochukuliwa, pamoja na posho ya kujikimu kwa siku hizi ninazokaa kwa mama mdogo nikisubiri kusafirishwa. Nadai pia fidia ya kuachishwa kazi bila sababu ya kweli na bila kusikilizwa, kwa kiwango ambacho sheria inatoa.

Naomba pia cheti cha utumishi kinachoonyesha miaka niliyofanya kazi. Kwangu hiki kina uzito sawa na pesa, maana bila hicho nitabaki na maneno ya majirani.

Naomba ofisi yako imwite mwajiri, na kama shauri la kufukuzwa linapaswa kwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, naomba nielekezwe na nisaidiwe kujaza fomu mapema. Nimeambiwa muda wa kulifungua ni siku 30 tangu kuachishwa, kwa hiyo unaisha tarehe 30 mwezi huu, ambayo ni Jumapili. Mlinzi amekubali kueleza alichokiona iwapo ataitwa rasmi. Naomba aitwe kwa namna ambayo haitamponza kazini kwake.

Nitafika ofisini siku yoyote nitakayoitwa.

Wako mtiifu,

Neema Elia

Viambatanisho: karatasi ya majina na namba za simu, barua ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, nakala ya ujumbe wa tarehe 6 Oktoba 2024, nakala ya muamala wa M-Pesa wa Agosti 2024.

Nakala: CHODAWU, Dar es Salaam.