Salamu za Desemba kwa Manka

Marangu, Jumatatu 22 Desemba 2025

Manka, shimboni.

Hamjambo huko Mwanza? Baba Joshua anaendeleaje, na watoto? Sisi tumefika jana asubuhi. Tulitoka Mbezi Jumamosi usiku, basi limejaa hadi watoto wakapakatwa, na nauli ndiyo ile ya Desemba unayoijua. Pale Mombo foleni ya chooni ilikuwa ndefu kuliko ya chakula. Himo tukashusha mizigo, tukabanana kwenye Noah kupanda Marangu Mtoni, na dereva hakuchelewa kutuuliza kama tumekuja kuhesabiwa. Gari zima likacheka. Nimekaa jikoni kwa mama ninapokuandikia, maana ndipo mahali pekee pasipotandikwa godoro, na moshi unanitoa machozi.

Nimeona nikuandikie kabla simu hazijajaa picha za watu na nguo mpya. Hii si salamu ya Krismasi. Sijakutumia kadi, wala yale maua yanayometameta kwenye simu. Kwenye kundi la tuliopata kipaimara pamoja wameshaanza kutumiana tangu juzi, na najua yanakufikia yote. Zima sauti tu, hakuna atakayejua. Mama alinishauri nikuache hadi Januari, eti nisikusumbue. Nikamwambia Manka ameacha Krismasi, hajaacha Marangu. Sioni sababu ya kukunyima habari za kwenu mwezi mzima kwa kuwa tu zimeangukia Desemba.

Basi habari zenyewe. Nilipita kwenu jana jioni. Mama yako hajambo, mguu umepungua kuvimba na anatembea bila fimbo hadi kwa ng'ombe, ingawa kupanda ule mteremko wa kanisani bado hawezi. Kaka yako alikuwa anapaka chokaa makaburi ya babu na baba, shati amelivua, chokaa hadi kwenye nyusi. Amesafisha pia mfongo uliokuwa umeziba nyuma ya zizi, na maji yanapita tena hadi kwenye migomba ya chini. Mshare umezaa sana mwaka huu, mingine imeegemezwa nguzo isianguke. Ule mparachichi uliokuwa unaogopa kuupanda umekatwa nusu, ulikuwa unalalia paa.

Mama yako aliniuliza kama unakuja. Nilimjibu sijui, akupigie mwenyewe. Akacheka, akasema, "Mwambie aje hata mwezi wa sita. Mbuzi hana kalenda." Nakuletea maneno yake kama alivyoyasema, bila kuongeza chumvi.

Shangazi yako wa Mwika yeye hakucheka. Tulikuwa tunamenya ndizi za mtori, akauliza kwa sauti ya kusikika hadi barabarani kama Manka ametutupa. Nilimwonyesha tangi la maji aliloegemea, nikamwuliza anadhani limeletwa na nani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema basi nikupelekee isale ili mambo yaishe. Nikamwambia isale hupelekwa kwa mtu uliyemkosea, na mimi na Manka hakuna aliyemkosea mwenzake. Zaidi ya hapo sikumweleza kitu. Maelezo ni yako, na ukiona huna haja ya kuyatoa, pia ni haki yako.

Siku ile uliponiambia kwamba umebatizwa na Mashahidi wa Yehova na kwamba Krismasi umeiacha, ulizungumza kama mtu anayesubiri kugombezwa. Nadhani nilikuuliza kama umeshakula, tukaingia kwenye mambo ya ada za shule. Hadi leo sijakuhoji, na leo pia sikuhoji. Siku utakayotaka kunieleza nitakaa kitako nisikilize, hata chai ipoe. Tarehe 25 haimo kwa Mathayo wala kwa Luka, hilo hata mchungaji wetu hulisema madhabahuni bila kuona haya. Na bado Alhamisi mimi nitaamka alfajiri, nivae, niende ibadani, niimbe hadi sauti ikauke, kisha nikae kwenye mnada nigombee jogoo nisiyemhitaji. Wewe Alhamisi yako itakuwa Alhamisi. Mimi sikupangiwa zamu ya kukurudisha. Najua na wewe ukipata nafasi utanipa gazeti lenu, nami nitalipokea na kulisoma, kama ninavyosoma kila kitu hata karatasi ya kufungia maandazi.

Kuna jambo nililiona kwenye ule msiba wa mwezi wa nane, sikukuambia. Walipogawa kisusio, ulipokea bakuli kwa mikono miwili kama tulivyofundishwa, ukashukuru, ukaliweka taratibu chini ya benchi. Mbwa wa mjomba akalimaliza. Hakuna aliyeona ila mimi na mbwa. Nilimnong'oneza mama yako baadaye kwamba damu hutumii tena, na nisamehe kama ulitaka umwambie mwenyewe, lakini sikutaka aendelee kukupakulia kitu usichokula. Hakuuliza kwa nini. Alisema tu kwamba kuanzia sasa kabla hawajatia damu atachota supu ya kwanza kwenye sufuria dogo, lile la bluu lililovunjika mkono. Kwa hiyo ukija siku yoyote, harusi, msiba au matembezi, uliza sufuria la bluu.

Jana usiku watoto walitaka mti. Kaka akakata tawi, tukalichomeka kwenye ndoo ya mchanga, tukalitandika pamba kama enzi zetu. Hapo nilikukumbuka, malaika wa mabawa ya gunia! Bawa moja lilikatika katikati ya igizo, ukaendelea kusema "msiogope" huku umelishika mkononi, na wachungaji wote wakaogopa kwa sababu walikuwa wanazuia kicheko. Ninakuandikia haya nikijua unaweza kuyasoma kama chambo. Si chambo. Yalitokea, tulikuwa wawili, na sina mtu mwingine wa kucheka naye kuhusu lile bawa. Huna haja ya kuyaonea haya, na huna haja ya kuyatamani. Mtu anaweza kuacha sikukuu na utoto wake ukabaki wake wote.

Halafu nikuibie siri. Usidhani huku ni raha tupu. Nusu yetu tumekuja na madeni. Kuna vitenge vya wakwe, sukari ya kila nyumba utakayoingia, mchango wa ng'ombe wa ukoo, ahadi ya kanisa niliyoitaja kwa furaha mwezi wa kumi na sasa inanikodolea macho, na Januari ada inasubiri mlangoni. Binamu yetu wa Arusha amekodi gari ili aonekane amekuja na gari. Mbege ya mama peke yake ndiyo haina unafiki. Amechemsha ndizi tangu Ijumaa, ulezi umeota vizuri, na msesewa ameutia kwa mkono wake maana hamwamini mtu na kipimo. Nikionja leo ni chungu bado, kesho kutwa itakuwa imekaa sawa.

Kuhusu watoto nataka tuelewane mapema. Glory aliniuliza kama Joshua naye atapata zawadi Alhamisi. Nilimjibu kwamba kila nyumba ina utaratibu wake, na kwa akina Joshua zawadi hutolewa siku yoyote mzazi akijisikia. Akaona hiyo ni bora zaidi, sasa ananidai na yeye. Nilishamnunulia Joshua viatu vya shule kule Kariakoo, namba 34, kama haviendani utaniambia. Sitavituma wiki hii wala wiki ya mwaka mpya, nisije nikakuweka pabaya mbele ya watoto wako au mbele ya wenzako. Nitavibeba mwenyewe Februari. Kama kuna jambo lingine ambalo sitakiwi kuwaambia wanao, wimbo au salamu fulani, niambie waziwazi. Sitakasirika. Hata kwa wifi yangu Mwislamu niliuliza, na tunaishi vizuri.

Ndiyo, Februari nakuja. Tuna semina ya kazi Mwanza ya siku chache na sitaki hoteli, nataka kulala kwako na kula sato wa kukaanga hadi nichoke. Usipangue ratiba yako ya Jumba la Ufalme kwa ajili yangu. Siku za mikutano yenu nitabaki na watoto, au nitalala, unajua usingizi wangu. Tusali chakula kwa namna ya nyumba yako, mimi nitafumba macho na kusema amina.

Na wewe, ukiweza, njoo Julai. Kahawa itakuwa inachumwa, baridi imekolea, nyumba hazina wageni, na mama yako atakuwa na wewe peke yake, jambo ambalo Desemba halipati kwa mtoto yeyote. Mimi nikipata likizo nitapanda na wewe, nisipopata nitakupokea Mbezi ukipitia Dar.

Kabla sijasahau, mama yako amenikabidhi mzigo wako. Ni mkungu mmoja wa mshare, maparachichi kwenye boksi, na kahawa aliyoikaanga mwenyewe kwenye chungu, imefungwa kwa nailoni mara tatu. Nitaupakia Moshi tarehe 6 Januari, mabasi yakishapungua watu. Umeona tarehe: si zawadi ya Krismasi wala ya mwaka mpya, ni ndizi za kwenu. Basi litapita Arusha, Singida na Shinyanga, kwa hiyo nitumie mapema jina na namba ya mtu atakayepokea pale Nyegezi, na awe mtu anayepokea simu. Zile za mwisho zilikaa stendi siku mbili, zikaiva zote kwa mpigo, ukalazimika kuwalisha majirani ndizi asubuhi na jioni.

Wasalimie wote.

Haika