Barua kwa wanafunzi wa magari ya mizigo kuhusu uzito wa jumla, mzigo unaoruhusiwa na uzito wa ekseli

Uyole, Mbeya
Jumatatu, 12 Mei 2025

Ndugu wanafunzi,

Salaam. Alhamisi ya wiki hii tutalipakia Fuso la mafunzo na kulipitisha mizani, na kabla ya siku hiyo nimeona niwaandikie jambo ambalo majibu ya jaribio la juma lililopita yameonyesha kwamba bado linawachanganya wengi. Mmoja wenu aliuliza, na swali lake ni zuri kuliko majibu mengi niliyosahihisha, kwa nini lori ambalo uzito wake wa jumla haujazidi lizuiwe mizani. Jibu ni kwamba gari la mizigo lina mipaka zaidi ya mmoja, kila mpaka unapimwa peke yake, na kutimiza mmoja hakumwondolei dereva wajibu wa kutimiza mingine.

Uzito wa jumla ni uzito wa kila kitu kinachobebwa na tairi za gari kwa wakati mmoja: chasisi, injini, bodi, mafuta, dereva, utingo, turubai, kamba, tairi la akiba na mzigo wenyewe. Mtengenezaji huandika kiwango cha juu cha uzito huo kwenye kibati cha kiwanda kilichopigwa kwenye gari, naye amekipanga kwa kuangalia nguvu ya breki, springi, chasisi na tairi. Uzito wa gari tupu nao umeandikwa kwenye kadi ya gari. Ukitoa uzito wa gari tupu kwenye uzito wa jumla ulioruhusiwa, unapata mzigo unaoruhusiwa, yaani kile ambacho tajiri wa mzigo anatakiwa akuulize kabla hajaleta magunia.

Hesabu hiyo inaonekana rahisi, na ndiyo maana wengi hukosea humo. Fuso letu kadi yake inasema lina kilo 5,850 likiwa tupu, na kibati kinaruhusu kilo 15,200 kwa jumla. Wengi wenu mliandika kwamba linabeba kilo 9,350. Lakini tulipolipima likiwa na tangi lililojaa, dereva na utingo ndani, turubai na kamba juu, na vyuma vilivyochomelewa kuinua ubavu wa bodi, mizani ilisoma kilo 6,200. Mzigo wake halisi, basi, ni kilo 9,000. Hizo kilo 350 zilizopotea hazimo kwenye kadi kwa sababu kadi ni ya gari tupu, tena haikuandikwa siku ile vyuma vilipoongezwa. Gari lolote mtakalokabidhiwa kazini, ombeni lipimwe likiwa katika hali ya safari kabla ya mzigo wa kwanza, na namba hiyo muiandike ndani ya kabini ya dereva mahali mtakapoiona.

Kuna mpaka wa kiwanda na kuna mpaka wa sheria. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inahusu magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5. Ekseli ya usukani yenye tairi mbili inaruhusiwa tani 8. Ekseli moja yenye tairi nne, tani 10. Ekseli mbili zilizofuatana zenye tairi nane, tani 18. Na ekseli tatu zilizofuatana zenye tairi kumi na mbili, tani 24. Uzito wa jumla, hata gari liwe na ekseli nyingi kiasi gani, haupaswi kuvuka tani 56. Kwa lori la ekseli mbili kama letu, sheria inatoa tani 8 mbele na tani 10 nyuma, jumla tani 18, lakini kiwanda kimeishia tani 15.2. Dereva hufuata kile kilicho kidogo. Msiseme kwamba mizani haikuwakamata, kwa hiyo gari lilikuwa salama. Mizani inalinda barabara, na breki zenu zinalindwa na kibati.

Sasa nakuja kwenye uzito wa ekseli, ambao ndio kiini cha barua hii. Uzito wa ekseli ni sehemu ya uzito wa jumla inayobebwa na ekseli moja na tairi zake, na hiyo sehemu hubadilika kwa kusogeza mzigo tu, bila kuongeza wala kupunguza hata gunia moja. Fuso letu likiwa katika hali ya safari lina kilo 3,300 mbele na kilo 2,900 nyuma. Kiwanda kinaruhusu kilo 5,800 mbele na kilo 10,000 nyuma. Umbali kati ya ekseli mbili ni mita 5.

Chukueni kilo 9,000 za mchele kutoka Igurusi. Ikiwa kitovu cha mzigo, yaani ile nukta ambayo uzito wote ungeweza kuhesabiwa kuwa umekaa hapo, kiko mita 1.25 mbele ya ekseli ya nyuma, basi ekseli ya mbele inapokea 9,000 mara 1.25 gawanya kwa 5, ambazo ni kilo 2,250, na kilo 6,750 zilizobaki zinakwenda nyuma. Mbele panakuwa kilo 5,550 na nyuma kilo 9,650. Gari limekaa sawa, kwa kiwanda na kwa sheria.

Chukueni mchele uleule, ila wapakiaji wameuegemeza nyuma ili iwe rahisi kuushusha Iringa, na kitovu kimebaki mita 0.4 tu mbele ya ekseli ya nyuma. Mbele panaongezeka kilo 720 na kufika 4,020. Nyuma panaongezeka 8,280 na kufika 11,180. Jumlisheni: bado ni kilo 15,200 zilezile. Uzito wa jumla haujazidi hata kilo moja, lakini ekseli ya nyuma imezidi kilo 1,180, na kwenye mizani ya Makambako au Wenda hilo ni kosa la kutosha kukuzuia. Aliyeuliza swali darasani naamini sasa amepata jibu lake kwa namba.

Tena msidhani athari yake ni faini peke yake. Ekseli ya mbele iliyopungukiwa uzito hufanya usukani uwe mwepesi kupita kiasi, na mkiwa mnapanda Mlima Nyoka uzito huzidi kurudi nyuma, tairi za mbele zikashika lami kwa udhaifu zaidi, hasa mvua inaponyesha. Nyuma nako tairi zinabeba zaidi ya kiasi zilichoandikiwa ubavuni, zinapata joto, na kupasuka kwa tairi kwenye kona kunaweza kuondoa roho za watu ambao hawakujua chochote kuhusu magunia yenu. Barabara pia inaumia. Majaribio makubwa yaliyofanyika Illinois, Marekani, kati ya mwaka 1958 na 1960 yalionyesha kwamba uharibifu wa lami hukua takribani kwa kipeo cha nne cha uzito wa ekseli. Kwa tani 11.18 badala ya tani 10, ongezeko ambalo halifiki asilimia 12, kila mpito unaharibu lami zaidi ya mara moja na nusu. Mawimbi ya lami mnayoyaona kwenye miinuko, pale magari yanapokwenda polepole, yanachangiwa sana na ekseli za namna hiyo.

Hapa kwetu lazima niwataje viazi. Ufungashaji wa lumbesa umekatazwa na Sheria ya Vipimo, lakini mtaukuta mashambani Uporoto, na mtaambiwa kwamba gunia ni gunia. Magunia 90 yakihesabiwa kilo 100 kila moja ni kilo 9,000. Yakiwa lumbesa ya kilo 130, ni kilo 11,700, na Fuso letu linafika kilo 17,900. Jumla hiyo iko chini ya tani 18 za sheria, lakini hata kitovu kikikaa pale pazuri pa mita 1.25, mbele panasoma kilo 6,225 na nyuma kilo 11,675, kwa hiyo mmevunja sheria kwenye ekseli ya nyuma na kuvuka kibati kila mahali. Kisha mnateremka Kitonga na kilo 2,700 ambazo breki hazikutengenezewa, na joto la breki halijui kama mzigo ni wa mtu mwema. Msihesabu magunia, hesabuni kilo. Kama shamba halina mizani, pimeni magunia machache mahali penye mizani kabla ya kukubali idadi.

Mbao za Mafinga nazo zinahitaji macho. Mbao mbichi ya msonobari inaweza kukaribia uzito wa mara mbili ya ile iliyokauka, na kwa hiyo bodi ileile iliyojazwa mpaka mstari uleule haibebi uzito uleule. Mchanga uliolowa ni vivyo hivyo.

Kwa watakaoendelea na semitrela nitasema machache, maana somo lake lipo. Kichwa cha ekseli tatu na trela la ekseli tatu hupata tani 8, tani 18 na tani 24, jumla tani 50. Kama kichwa na trela vikiwa vitupu vina tani 18, mzigo ni tani 32 na si zaidi. Mzigo ukisogezwa mbele ya trela, ekseli za difu za kichwa ndizo zinazolemewa. Ukisogezwa nyuma, ekseli za trela. Ule uhuru wa kupakia popote penye nafasi haupo.

Kabla ya Alhamisi kila mmoja afanye hesabu hii kwenye daftari: Fuso letu limepakiwa mahindi kilo 8,400, kitovu kiko mita 1.0 mbele ya ekseli ya nyuma. Tafuteni uzito wa jumla, uzito wa kila ekseli, na mseme kama gari liondoke au lisiondoke, mkitaja mpaka gani mmeutumia. Wapakiaji watafika saa mbili asubuhi. Nitawaacha mpange magunia nyinyi wenyewe, mkadirie namba za ekseli zote mbili na kuziandika, kisha tutaenda mizani tulinganishe. Asiyekuwa na hesabu yake mkononi hatapanda juu ya bodi.

Wenu katika kazi,
Mkufunzi wa magari ya mizigo