Neno "huwa" na ngozi ya Sanaa: tofauti za maandishi katika misahafu ya mwanzo

Ukifungua msahafu tunaoutumia huku pwani, wa kisomo cha Hafsi, aya ya 24 ya Sura al-Hadid inamalizika "fa inna llaha huwa l-ghaniyyu l-hamid". Katika msahafu wa kisomo cha Warshi, unaosomwa Afrika Magharibi, "huwa" haimo. Maana haibadiliki. Wanazuoni wa zamani waliijua tofauti hii wakaiweka kimji: Madina na Shamu hawana neno hilo, Makka, Basra na Kufa wanalo. Hati kongwe nazo zinajigawa kwa mafungu hayohayo, na hapo ndipo penye uzito. Makosa ya wanakili walioandika kila mtu kivyake yangetawanyika ovyo. Tofauti chache zinazofuata miji zinaelekeza kwenye nakala chache zilizotoka chanzo kimoja, jambo linaloafikiana na habari za Khalifa Uthman kupeleka misahafu mijini katikati ya karne ya 7.

"Maaliki" na "maliki" katika al-Fatiha ni suala jingine. Hati za mwanzo huandika mim, lam, kaf tu, bila alifu. Anayeitaja kama tofauti ya hati amechanganya maandishi na kisomo. Kosa hili nililifanya mwenyewe katika rasimu yangu ya kwanza.

Ushahidi mgumu zaidi ni ngozi iliyopatikana mwaka 1972 katika Msikiti Mkuu wa mji wa Sanaa, Yemen. Maandishi yake ya kwanza yalifutwa, na juu yake ikaandikwa Kurani kwa matini ya Uthman. Yale ya chini yanasomeka kwa taabu. Katika al-Baqara 196, pale tunaposoma "msinyoe vichwa vyenu mpaka…", chini hakuna "vichwa vyenu". Tena baada ya Tauba inakuja Maryamu, siyo Yunus. Basi kulikuwa na matini nje ya mkondo wa Uthman, na riwaya zenyewe zinataja misahafu ya masahaba Ibn Masud na Ubayy. Anayedai kwamba kila herufi ya kila nakala ilikuwa ileile tangu siku ya kwanza, ngozi hii inamkatalia. Lakini anayetangaza kwamba imepatikana "Kurani nyingine" naye hana pa kushika: sura ni zilezile, na aya zinatambulika mara moja.

Kipimo cha kaboni nacho kisibebeshwe mzigo usio wake. Kurasa mbili za ngozi za Kurani zilizoko Birmingham, Uingereza, zilipewa miaka 568 hadi 645, lakini kinachopimwa ni lini mnyama alikufa. Wino hauna tarehe hapo.

Mwanzoni mwa Tauba, maandishi ya chini ya Sanaa yana maneno "usiseme bismillahi". Wapo wanaoona humo daftari la mwanafunzi. Mimi naona dalili hiyo ni nyembamba: onyo kwa msomaji laweza kuandikwa hata katika msahafu kamili.